Pauni zilezile, shilingi tofauti: pensheni ya Uingereza inapoliwa Dodoma

Septemba 2024 shangazi yangu wa Miyuji, hapa Dodoma, alipiga hesabu ya pensheni yake ya Uingereza akaona inampa shilingi 1,540,000 na ushee. Akafurahi, akaelewana na fundi ajenge vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, alipwe 350,000 kila mwezi. Matumizi yake ya kawaida ni kama 1,150,000, kwa hiyo jumla ilikuwa 1,500,000. Hesabu ilikaa sawa. Ilipofika Desemba, pauni zilezile zilikuwa zinatoa kama 1,300,000. Hakuna aliyemkata hata senti moja kule Uingereza. Akanipigia simu: "Mwanangu, hebu njoo uniangalizie, hela yangu inaliwa na nani?"

Nimefanya kazi kaunta ya fedha za kigeni benki, na swali hilo nimeulizwa na wastaafu wengi waliorudi nyumbani. Jibu lina sehemu tatu, na watu wengi huiona moja tu.

Kwanza tujue pensheni yenyewe. Shangazi alifanya kazi Uingereza miaka 21, akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee ya mtu binafsi. Pensheni ya Serikali ya kule, kwa walioanza kupokea baada ya Aprili 2016, hutaka kwa kawaida miaka 35 ya michango ili uipate kamili, na angalau 10 ili upate chochote. Miaka 21 ni asilimia 60 ya 35. Alipoanza kulipwa mwaka 2021, pensheni kamili ilikuwa pauni 179.60 kwa wiki. Asilimia 60 yake ni pauni 107.76, na kwa kuwa hulipwa kila baada ya wiki nne, anapata pauni 431 kila malipo.

Alipata 431 mwaka 2021 na anapata 431 leo. Kwa mstaafu anayeishi Uingereza, pensheni hiyo hupandishwa kila Aprili. Kwa anayeishi Tanzania haipandishwi, kwa sababu nchi zetu mbili hazina makubaliano ya kuipandisha. Inabaki pale ilipokuwa ulipoanza kuichukua ukiwa huku. Mwaka wa malipo 2025/26 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, maana yake mwenzake shangazi mwenye miaka ileile 21, aliyebaki kule, alipata pauni 552 na ushee kila wiki nne. Tofauti ilikuwa kama pauni 121 kila malipo. Naliona jambo hili ni dhuluma, maana wote wawili walichangia sawa, lakini mpango wa matumizi hauwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba litabadilika. (Aliyefanya kazi katika hospitali za umma za Uingereza na kuchangia mfuko wao wa pensheni yuko katika hali nyingine: pensheni hiyo ya kazini hupanda hata kama unaishi Dodoma. Usizichanganye mbili hizi.)

Sasa turudi kwenye kiwango cha kubadilisha pauni kuwa shilingi. Wengi wetu tumezoea kuangalia dola. Redio ikitangaza kwamba shilingi imeimarika, tunajua dola imeshuka. Mwenye pauni ana tatizo la ziada, kwamba bei ya pauni hapa nchini hutokana na bei mbili zinazozidishwa: pauni moja inanunua dola ngapi huko duniani, na dola moja inanunua shilingi ngapi hapa. Soko letu la fedha za kigeni kati ya mabenki linaendeshwa kwa dola, na pauni inafuata kwa kuzidisha.

Mwaka 2021 pauni ilikuwa kama dola 1.38, na dola ilikuwa kama shilingi 2,310. Ukizidisha unapata karibu shilingi 3,190 kwa pauni. Pauni 431 zilikuwa shilingi 1,375,000.

Mwishoni mwa Septemba 2022 shilingi yetu ilikuwa imetulia kabisa, dola ikichezea 2,330. Lakini Septemba 23 Waziri wa Fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi ambalo masoko hayakuliamini. Siku tatu baadaye pauni ilishuka hadi dola 1.03 na kidogo, chini kuliko wakati wowote uliopata kurekodiwa. Hata ilipoinuka kidogo na kufika 1.08, huku Dodoma pauni ilikuwa na thamani ya shilingi 2,516 tu. Pauni 431 zikawa 1,084,000. Shilingi haikusogea, petroli haikubadilika kwa sababu hiyo, lakini mstaafu wa Miyuji alipungukiwa karibu laki tatu kwa maneno yaliyosemwa bungeni London.

Septemba 2024 ilikuwa kinyume. Dola zilikuwa adimu nchini tangu mwaka uliotangulia, na dola moja ilifika kama shilingi 2,720. Pauni nayo ilikuwa imepona, dola 1.32. Zote mbili zilimwinua shangazi kwa pamoja: shilingi 3,590 kwa pauni. Ndiyo hesabu aliyompa fundi. Desemba, fedha za utalii, dhahabu na korosho zilikuwa zimeingia, dola ikashuka hadi kama 2,400, na pauni ikateleza hadi dola 1.26. Zote mbili zikamwangusha kwa pamoja: 3,024. Pauni 431 mara 3,024 ni 1,303,000. Hapo ndipo hela yake "ilipoliwa". Kufikia Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu 2,690 na pauni ilikuwa juu ya 3,600. Oktoba mwaka huohuo dola ilikuwa kama 2,450 na pauni kama 3,280.

Kwa hiyo malipo yakibadilika, uliza kwanza ni ipi kati ya bei hizo mbili imesogea. Fungua tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, ambako viwango hutolewa kila siku ya kazi, utazame mistari miwili: USD na GBP. Kama USD haijasogea sana lakini GBP imeshuka, mambo yako Uingereza. Kama zote zimeshuka kwa kiasi kinachofanana, ni shilingi yetu iliyopata nguvu. Kujua hili kuna faida ya vitendo. Nguvu ya shilingi ina msimu wake: kwa kawaida dola huingia zaidi nusu ya pili ya mwaka, watalii na mazao yanapoleta fedha, na huwa chache miezi ya mwanzo. Mwendo wa pauni dhidi ya dola hauna msimu wa namna hiyo, na asiye na kazi ya kuufuatilia asijaribu kuukisia.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonichukua muda mrefu kumweleza shangazi, maana inaenda kinyume na macho. Mei 2025 aliniambia, "Sasa pauni ni 3,600, mwaka 2021 ilikuwa 3,190. Basi nimepanda." Hakupanda. Katika miaka minne hiyo mfumuko wa bei wa Tanzania ulikuwa kati ya asilimia 3 na zaidi kidogo ya 4 kila mwaka. Si mkubwa ukilinganisha na majirani, lakini ukiujumlisha miaka minne unafika kama asilimia 15. Kapu lililonunuliwa kwa shilingi 3,190 mwaka 2021 lilihitaji kama 3,670 mwaka 2025. Ili pauni moja imnunulie kilekile, ilibidi iwe 3,670. Kwenye 3,600, kilele cha furaha yake, alikuwa nyuma kidogo ya alikoanzia. Kwenye 3,280 alikuwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 10.

Mtu mwenye pensheni isiyopanda anahitaji shilingi ilegee kidogo kila mwaka ili asimame palepale. Shilingi ikiimarika, jambo tunalolifurahia kama taifa, yeye anapungukiwa. Tena kulegea kwa shilingi hakumletei faida yote anayoiona kwenye karatasi ya benki. Petroli, dawa zake za presha, vipuri na vifaa vya umeme vinafuata dola, na baada ya wiki au miezi vinapanda. Vya shambani, yaani mahindi, mtama, karanga, mboga za soko la Majengo, vinafuata mvua zaidi kuliko dola. Maji, LUKU na mshahara wa dada wa kazi vimepangwa kwa shilingi na vinakwenda polepole. Katika daftari la shangazi, kama robo tatu ya matumizi ni vitu vya kundi la mvua na la polepole. Ndiyo maana wiki za shilingi dhaifu humsaidia kweli. Mstaafu anayeendesha gari kila siku na kula vya supamaketi asitegemee nafuu hiyo.

Baada ya kuyaelewa haya, tulikaa barazani tukaandika upya. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuacha kupanga kwa kiwango cha leo. Tulichagua kiwango cha bajeti, yaani bei ya pauni ambayo daftari litaitumia mwaka mzima bila kujali soko linasema nini. Tulichukua 3,000. Sababu yake ni kwamba katika miaka ya karibuni pauni imekuwa juu ya hapo muda mwingi, na iliposhuka chini yake mwaka 2022 ilipanda tena baadaye. Kwa 3,000, malipo moja ni shilingi 1,293,000. Matumizi ya kawaida ni 1,150,000. Kinachobaki kwa fundi ni 143,000 kwa mwezi, si 350,000. Tulimwita fundi, tukamweleza ukweli, tukakubaliana amalize chumba kimoja kwanza na cha pili kisubiri. Hakufurahi, lakini alielewa.

Pauni ikiwa juu ya 3,000, ziada yote inakwenda kwenye akiba ya shilingi inayojitegemea, na tumeiita kwa jina hilohilo, akiba ya kiwango. Kwa 3,280 ziada ni 280 mara 431, yaani kama 120,000 kila malipo. Kwa 3,600 ni kama 258,000. Pauni ikishuka chini ya 3,000, akiba inajazia upungufu, na matumizi ya nyumbani hayaguswi.

Akiba iwe kubwa kiasi gani? Tulijipima kwa mwaka 2022. Pauni ikirudi 2,516, upungufu ni shilingi 484 kwa kila pauni, sawa na kama 208,000 kila malipo. Tukisema hali hiyo idumu malipo sita, inahitajika 1,250,000. Ni karibu sawa na malipo moja kamili, na hilo ni rahisi kulikumbuka. Ikifika hapo, ziada inayofuata ndiyo inayoruhusiwa kwenda kwa fundi. Akiba yenyewe isikae mahali pa kufungiwa miaka. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS au akaunti ya akiba ya kawaida inafaa, kwa sababu siku ya kuihitaji huijui. Akiba hii ina kazi nyingine pia. Uingereza hutuma mara kwa mara fomu ya uthibitisho kwamba mstaafu yu hai, na isiporudishwa kwa wakati malipo husimamishwa hadi mambo yawekwe sawa. Posta ikichelewa, mtu huishi kwa akiba.

Kuna fedha nyingine aliyokuwa nayo bila kuiona. Malipo ya kila wiki nne si malipo ya kila mwezi. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo anapokea mara 13. Nyumba inaendeshwa kwa miezi 12. Mara moja kwa mwaka kuna mwezi wenye malipo mawili, na kila mwaka shangazi alikuwa anaona mwezi huo "umekuwa mzuri" kisha fedha zinayeyuka. Sasa malipo hayo ya 13, shilingi 1,293,000 kwa kiwango cha bajeti, yana kazi yake: bima ya afya, kodi ya ardhi, na mahindi ya mwaka. Mahindi kanda yetu huvunwa kuanzia Mei, na bei huwa chini kati ya Juni na Agosti kabla ya kuanza kupanda kuelekea Januari na Februari. Ukinunua magunia yako Kibaigwa au kwa mkulima unayemfahamu wakati huo, ukayakausha vizuri na kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, umejiondoa kwenye bei ya juu ya Januari na Februari. Na ikitokea, kama ilivyokuwa 2025, kwamba Mei ndipo dola iko juu na mahindi yanaanza kuingia sokoni, mstaafu wa pauni ananufaika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo tu tunaacha pauni za malipo mawili matatu zingoje kwenye akaunti kuanzia mwanzo wa mwaka. Zaidi ya hapo hatungoji. Nimeona kaunta watu walioshikilia fedha wakisubiri kiwango cha Septemba 2024 kirudi, huku wakikopa dukani.

Gharama ya kubadilisha nayo inastahili kutazamwa kwa makini, maana hii, tofauti na soko, iko mikononi mwako. Benki huweka bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Wewe unawauzia pauni, kwa hiyo bei yako ni ile ya kununua, ambayo ni ndogo. Pima hivi: tazama kiwango cha wastani cha Benki Kuu cha siku hiyo, kisha uliza benki yako inanunua kwa ngapi. Tuseme wastani ni 3,283 na benki inakupa 3,200. Tofauti ni shilingi 83, na kwa pauni 431 umeacha mezani karibu 36,000. Hesabu zote nilizofanya hapo juu ni za wastani, kwa hiyo ukweli wa mfukoni uko chini kidogo ya hapo. Uliza benki mbili au tatu, na ukiwa na pauni za malipo kadhaa kwa pamoja, mwombe afisa akuulizie kiwango bora makao makuu. Mara nyingi husogezwa. Usiuze mtaani kwa mtu asiye na leseni, hata akikupa bei tamu. Ni kosa kisheria, na fedha bandia huwezi kumrudishia.

Ada ya kutuma kutoka benki ya Uingereza hadi ya huku huhesabiwa kwa kila muamala. Tuseme jumla ya pande zote mbili ni pauni 20. Ukituma kila malipo, mara 13, ni pauni 260 kwa mwaka. Ukituma mara nne ni 80. Pauni 180 zinazobaki ni zaidi ya theluthi moja ya malipo. Idara ya Kazi na Pensheni ya kule pia inakubali kumlipa aliye nje ya nchi kila baada ya wiki 13, kwa anayeweza kungoja. Shangazi hakutaka, akasema wiki 13 ni mbali mno kwa mtu mwenye wajukuu. Tukabaki na wiki nne, na kutuma mara nne kwa mwaka, ila dharura ikitokea anaweza kutuma mapema.

Wapo waliokuwa wanaona ni salama zaidi kuacha fedha zote katika fedha za kigeni kwa sababu kodi za nyumba na ada zilikuwa zinatajwa kwa dola. Tangu Machi 28, 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Akaunti ya pauni bado unaruhusiwa kuwa nayo. Lakini kila utakachonunua Dodoma kitakuwa kwa shilingi, kwa hiyo pauni ulizoweka ni za kungojea wakati au za matumizi ya nje, kama tiketi au matibabu.

Mwisho tulipiga hesabu moja mbele. Matumizi ya 1,150,000 yakipanda asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka minne yatakuwa kama 1,294,000. Malipo yake kwa kiwango cha bajeti ni 1,293,000. Yaani ndani ya miaka minne chakula, maji na dawa vitakuwa vimeimeza pensheni nzima, na hakutakuwa na chochote cha fundi wala cha mjukuu. Shangazi aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Kisha akasema chumba kile lazima kiishe. Nami nikakubaliana naye, kwa sababu kodi ya chumba ni kwa shilingi na inaweza kupandishwa, jambo ambalo pauni zake hazitamfanyia. Wazo lake la Septemba halikuwa baya. Alikosea kiwango alichokitumia kulipima. Chumba cha kwanza kilipauliwa Julai 2025. Mpangaji ni kijana mtumishi wa Mji wa Serikali, Mtumba. Cha pili kina msingi, na daftari linasema tofali zitanunuliwa akiba ya kiwango ikivuka 1,250,000.